Kupanga mafundi wa plasta kwa kuangalia picha: mwanga unavyobadilisha nani awe wa kwanza

"Mafundi wanne wamenitumia picha za kuta walizopiga plasta na rangi, nataka niwapange kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho kwa ulaini, kona na finishingi. Picha zinatosha kweli?"

Kwa kona zinatosha, kwa rangi zinatosha nusu, ila kwa ulaini hazitoshi mpaka ujue mwanga ulitokea wapi wakati picha inapigwa, na shida ni kwamba watu wengi wanaanza na ulaini kwa sababu ndo kitu cha kwanza jicho linaona.

Ukuta ukimulikwa kutoka usoni, yaani flashi ya simu au dirisha lililo mgongoni mwa mpiga picha, mabonde na vijivimbe vinapotea maana hakuna kivuli. Mwanga huohuo ukiuleta pembeni utambae sambamba na ukuta, kila kitu kinajitokeza. Chukua kidato kidogo cha milimita 2, kile kinachobaki pale mwiko ulipoishia. Mwanga ukiingia kwa digrii 45, kivuli chake ni milimita 2 na hakuna atakayekiona kwenye simu. Mwanga ukiingia kwa digrii 5, kivuli kinakuwa karibu milimita 23, zaidi ya mara kumi, na ukuta haujabadilika hata kidogo. Rangi nayo inachangia, nyeupe isiyong'aa inaficha, ila ya kung'aa na hasa ikiwa ya giza inaanika kila wimbi. Kwa hiyo fundi aliyepaka nyeupe akapiga picha mchana dirisha likiwa nyuma yake anaanza mbele ya mwenzake aliyepaka kijivu cha kung'aa pembeni ya dirisha kubwa, hata kama huyo wa pili ndo mwenye mkono mzuri.

Mwenzangu mmoja alikuwa na kesi kama yako, picha nne, tuwaite mafundi A, B, C na D. A alituma ukuta mweupe mzima, mwanga wa usoni, umenyooka kama karatasi. B alituma ukuta wa kijivu unaong'aa kidogo, dirisha liko palepale pembeni, na mawimbi yanaonekana wazi. C alileta kona ya nje na ubavu wa dirisha kwa karibu, mistari imekaa vizuri. D alipiga chumba kizima kwa lensi pana ya simu, ile ya 0.5x, na kona yake ya nje inaonekana imepinda kama upinde. Kwa macho tu tulipanga A, C, B, D, na nadhani mtu yeyote angepanga hivyo.

Wapo wanaosema hapo ndo uishie, kila fundi kajichagulia picha yake nzuri, mashindano ni sawa kwa wote, na wana hoja, maana picha inakwambia mengi ya kweli. Kona kwa mfano. Picha ya kona haihitaji mwanga wa ajabu, unaweka rula au ukingo wa karatasi kwenye skrini ukifuata mstari wa kona kutoka juu mpaka chini, ukiona unaingia na kutoka basi kona imeliwa au imejazwa kwa kubahatisha. Tahadhari ni lensi. Lensi pana inakunja mistari iliyo pembeni ya picha, ila mstari unaopita katikati unabaki ulivyo, kwa hiyo kabla hujamhukumu fundi tafuta kitu kilichonyooka karibu na ile kona, fremu ya mlango au ya dirisha, kama nayo imepinda upande uleule basi ni simu tu. Kama fremu imenyooka halafu nafasi kati yake na ukuta inaanza nyembamba juu na kuwa nene chini, hapo kuna kazi mbovu, labda ya plasta labda ya aliyefunga fremu, na hilo unauliza.

Rangi pia picha inaisema vizuri kiasi. Angalia pale ukuta unapokutana na dari, kuzunguka swichi, na juu ya sketing. Mstari unaotetemeka unaonekana hata kwenye picha ya kawaida. Kuna kingine wengi hawakijui, ukiona kama fremu ya rangi tofauti kidogo imezunguka ukuta mzima, upana wa brashi moja hivi, ujue fundi alipaka pembezoni kwa brashi akaacha ikauka kabisa ndo akaja na rola, zile sehemu mbili hazikuungana. Kwa mwanga wa usoni haionekani sana, ukisogea pembeni inakuja.

Sasa upande wa pili, wanaosema picha ni uongo mtupu, nao wana la kusema na hapa nawaunga mkono zaidi kidogo. Mbali na mwanga kuna suala la ukubwa wa picha. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, tuseme imefika na pikseli 1600 kwa upande mrefu na inaonyesha ukuta wa mita 3. Gawanya, kila pikseli inabeba karibu milimita 2 za ukuta. Ufa mwembamba kama unywele una upana wa sehemu ya milimita moja tu, kwa hiyo unaweza ukawepo na picha isiuonyeshe kabisa, na wala fundi hajadanganya. Juu ya hapo simu nyingi zenyewe zinalainisha picha, hasa za usiku au chumba chenye giza, chembechembe zinafutwa na ukuta unatoka laini kuliko ulivyo. Ndo maana picha ya mbali isihesabiwe kama ushahidi wa ulaini, iwe nzuri au mbaya.

Tulichofanya ni kuwaomba wote wanne picha tatu zilezile. Ya kwanza, usiku, taa zimezimwa, tochi imeshikwa ikigusa ukuta upande mmoja ikimulika kuelekea upande wa pili, mpiga picha kasimama mita 2, flashi imezimwa. Ya pili, kona ya nje nzima kwa lensi ya 1x, kona ikiwa katikati ya picha. Ya tatu, swichi na mstari wa dari kwa karibu. Zote zitumwe kama dokumenti zisibanwe. Hakuna fundi aliyekataa, ingawa A alichelewa.

Mpangilio ukavurugika. Kwa tochi, ukuta wa A ulitoa mkanda wa mlalo kutoka mwanzo mpaka mwisho, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ule mkanda unaotokea pale plasta ya chini imeshakauka halafu ya juu ya jukwaa inakuja kuungwa siku nyingine bila kusawazishwa vizuri kwenye maungio. B, yule wa mawimbi, mawimbi yake yalikuwa marefu na laini, hakuna kidato wala alama ya mwiko, yaani ile picha yake ya kwanza ilikuwa tayari ni kama jaribio la tochi, kajianika mwenyewe. C ukuta wake ulinyooka, ila chini ya rangi kulikuwa na mikwaruzo mingi inayokatishana, alisugua skimu, lile tabaka jembamba la kumalizia plasta, kwa msasa wa chembe kubwa na hakurudia na laini. D kona ikaja imenyooka safi kwa 1x, lakini mstari wake wa dari ulikuwa umechafuka na swichi zimepakwa rangi.

Hapa kuna ubishi mwingine ambao ni wa haki. Mafundi wengi watakwambia hakuna ukuta unaopona tochi, na ni kweli. Miongozo ya ukaguzi ya NHBC, shirika la Uingereza linaloweka viwango vya nyumba mpya, inataka kuta za ndani zitazamwe mchana ukiwa umesimama mita 2, siyo kwa kuzimulika taa. Na kipimo kilichozoeleka kule kwa plasta kinaruhusu tofauti ya mpaka milimita 3 chini ya rula ya mita 1.8, maana yake ukuta unaokubalika kabisa unaweza kutoa wimbi kwenye tochi. Kwa hiyo tochi usiitumie kumkataa fundi. Mimi naona kazi yake ni kulinganisha tu, mwanga mmoja kwa wote wanne, nani ana vidato na nani ana mawimbi laini. Isipokuwa kama nyumba yako itakuwa na taa za ukutani zinazomulika juu na chini, au dirisha linalogusana na ukuta mrefu, au umeshaamua rangi ya kung'aa, hapo ile picha ya tochi ndo utakayoishi nayo kila siku na ipewe uzito mkubwa.

Kwenye kujumlisha sikushauri maksi za kumi kwa kumi, mtu akichoka anaanza kutoa saba kwa kila kitu. Weka picha mbili kwa wakati mmoja, ya aina ileile, uliza ipi bora kwa kitu kimoja tu, halafu jozi inayofuata. Mafundi wanne ni jozi sita, siyo kazi kubwa. Na vitu vitatu visilingane uzito, pima kwa gharama ya kurekebisha. Mstari mbaya wa dari unarudiwa kwa brashi na tepu, mikwaruzo ya msasa inahitaji skimu nyembamba na rangi upya, ila mkanda wa maungio au kona iliyopinda inakurudisha kwenye plasta yenyewe, vumbi nyumba nzima.

Kwa uzito huo, pamoja na umri wa kazi nitakaousema mwishoni, C akawa wa kwanza, B wa pili, D wa tatu, hakushuka mpaka mwisho kwa sababu ubaya wake wote uko kwenye brashi, na A akashuka mpaka chini pamoja na kwamba rangi yake ilikuwa imekaa sawasawa kuliko wote. Mwenzangu hakukubaliana na mimi kwa B na D, yeye anapaka nyeupe isiyong'aa nyumba nzima na kwake mawimbi hayataonekana, ila bado anayahesabu kama kasoro ya mkono wa fundi, na kona zilizonyooka anazitaka zaidi, kwa hiyo kwake D alipanda juu ya B. Sioni kosa hapo.

Kuna kimoja ambacho picha yoyote haitoi, nacho ni plasta iliyoachia ukuta kwa ndani, hiyo unagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama inalia tupu. Halafu muulize kila fundi picha ni ya lini. Ukuta uliopakwa rangi jana haujapata muda wa kupasuka wala kutoa malengelenge ya unyevu. C alituma picha za kazi iliyokaa karibu mwaka mzima, A za wiki ileile, na hilo tulilihesabu pia.