Fimbo Zikijaa Mezani: Mtu Anatapatapa au Amechoka?

Wasomaji wengi wa taroti, karata za kubashiria, wakiona Fimbo nne kati ya karata tano husema papo hapo: una moto, songa mbele. Kwangu hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Fimbo ni kundi la moto, yaani ari, ushindani na hamu ya kufika mbali, lakini wingi wake hausemi moto huo umefikia wapi. Asiyetulia na aliyeishiwa nguvu wote huweza kujaza meza kwa Fimbo, na ushauri unaomfaa mmoja humwumiza mwenzake.

Tuanze na hesabu. Taroti ina karata 78, na Fimbo, kundi moja kando ya Panga, Vikombe na Sarafu, ni 14. Ukipanga karata tano, tarajia Fimbo moja. Ukipanga kumi, tarajia mbili hivi. Tatu kati ya tano zinastahili kuangaliwa, na nne ni nadra kweli. Ila hakikisha kwanza karata zimechangwa sawasawa. Seti mpya kwa kawaida huja zimepangwa kwa makundi, Fimbo zikifuatana, na ukichanga harakaharaka zitatoka zimeshikana. Zimwage mezani kifudifudi, zikoroge kwa mikono miwili mpaka zitawanyike, ndipo uzikusanye.

Baada ya hapo tazama namba, kwa sababu ndizo zinazotenganisha hali hizi mbili. Katika karata alizochora Pamela Colman Smith, zilizotoka mwaka 1909, picha zenyewe zinaonyesha njia. Ree ni mkono unaotoka winguni umeshika tawi linalochipua: wazo jipya, kazi haijaanza. Kwenye Tano vijana watano wanagonganisha fimbo na hakuna anayeshinda. Kwenye Nane fimbo zinaruka angani, wala hakuna mtu anayezishika. Mpanda Farasi yuko juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele. Ree, Tano, Nane na Mpanda Farasi zikija pamoja, ninasoma kutotulia: mwendo mwingi na vianzio vingi, lakini hakuna kinachokamilika. Mtu huyu nguvu anazo, ila zimetawanyika.

Saba, Tisa na Kumi ni habari nyingine. Wa Saba anazuia fimbo sita zinazomjia kutoka chini. Wa Tisa amefungwa bandeji kichwani, ameegemea fimbo yake na kutazama pembeni kana kwamba anangoja pigo jingine. Wa Kumi amezikumbatia zote mbele ya uso, mgongo umepinda, na njia haioni. Huo ndio uchovu wa mtu aliyeendelea kubeba hata baada ya nguvu kwisha.

Chukua mfano wa mtu anayeuliza kama aanzishe mradi wa pili. Kila karata kati ya tano imepewa nafasi yake: ya yaliyopita ina Fimbo Tatu, ya sasa ina Kumi, kikwazo ni Ree ya Fimbo, ushauri ni Panga Nne, na anakoelekea ni Tisa. Msomaji mwenye haraka ataishika Ree na kusema mradi umebarikiwa. Lakini Ree imekaa kwenye kikwazo: wazo jipya ndilo linalomzuia kuutua mzigo wa Kumi. Fimbo Tatu inaonyesha mtu akitazama meli baharini, kwa hiyo mipango ya zamani pengine bado haijaleta majibu. Panga Nne, yenye sanamu ya shujaa aliyelala juu ya kaburi, inataka asimame kabisa. Tisa inasema asiposimama ataendelea, ila akiwa amejeruhiwa.

Kisha tazama kisichokuwepo. Hapa hakuna Kikombe wala Sarafu hata moja. Bila Vikombe, sioni watu anaowafanyia kazi hiyo wala raha anayoipata ndani yake. Bila Sarafu, sioni mwili, usingizi, fedha wala ratiba. Msomaji makini atauliza juu ya hayo waziwazi: unalala saa ngapi? Ni lipi kati ya unayoyabeba lina tarehe ya kumalizika? Majibu ndiyo yanayothibitisha au kuvunja usomaji, kwa maana karata hazipimi ugonjwa. Mtu akisema halali kwa wiki kadhaa au hana tena hamu ya chochote, mwambie amwone daktari, na usimpangie karata nyingine.

Kwa asiyetulia, ushauri wangu ni achague jambo moja na alifikishe mwisho kabla ya kugusa la pili. Kwa aliyechoka, kumwambia amalize ni kumwongezea fimbo ya kumi na moja. Yeye aandike kila anachobeba, kisha atenge alichopewa na watu na alichojitwika mwenyewe. Fimbo Kumi ikitoka kichwa chini huwa ninaisoma hivyo pia: mzigo umeanza kudondoka, na swali linalobaki ni kama atauacha chini au atainama kuuokota.