Hundi ya benki, kabla hujakabidhi funguo

Nilipouza gari langu la kwanza nilipokea hundi ya kawaida. Mnunuzi aliiandika mbele yangu, akatia saini, tukapeana mikono. Siku chache baadaye keshia alinirudishia ile karatasi ikiwa na maelezo mafupi kwamba nikamwone aliyeniandikia, maana yake akaunti yake haikuwa na fedha za kutosha. Gari lilikuwa bado uani kwangu, nashukuru. Tangu hapo, nikiuza kitu cha thamani, namwambia mnunuzi aje na hundi ya benki, na simwonei haya.

Wengi huudhika wakiambiwa hivyo, kana kwamba wameitwa matapeli. Lakini tazama tofauti ilipo. Hundi binafsi ni agizo la mteja kwa benki yake: mlipe fulani kutoka akaunti yangu. Benki yenyewe haijamwahidi huyo fulani chochote. Italipa kama salio linatosha, saini inalingana, na mwenye akaunti hajapiga simu kuizuia. Hundi ya benki huandikwa na benki na kusainiwa na maofisa wake. Siku inapotolewa, fedha hukatwa kwenye akaunti ya mnunuzi na kuhamia akaunti ya benki yenyewe, zikisubiri mwenye jina lililoandikwa aje. Mnunuzi akitumia shilingi yake ya mwisho kesho yake, wewe hudhuriki. Akibadili mawazo, hawezi kuizuia kirahisi kama angezuia hundi yake mwenyewe.

Dirafti ni ndugu yake. Benki huiandika ilipwe na tawi jingine au benki nyingine, mara nyingi ya mji au nchi ya mbali, na pengine kwa fedha za kigeni.

Sasa kuhusu gharama. Kwa kawaida benki hutoza ada ya kutoa hundi hii, na benki nyingi hutoza kiasi kilekile hata hundi iwe ndogo au kubwa. Kwa kiwanja ada hiyo haionekani. Kwa kabati la nguo inauma. Kwenye dirafti ya fedha za kigeni, ada siyo inayokula zaidi. Linganisha kiwango cha kubadilishia fedha ambacho benki inakupa na kile cha sokoni, kisha uliza kama benki ya upande wa pili nayo itakata chake. Mimi naona ada ya hundi ailipe mnunuzi, lakini muuzaji aliseme hilo wakati wa kupatana bei, siyo mlangoni mwa benki.

Lakini kuna jambo linalonitia hofu zaidi ya ada. Hundi ya benki inaondoa shaka juu ya salio la mnunuzi. Haiondoi shaka juu ya karatasi yenyewe. Hundi ghushi zipo, na nyingine zimechapwa vizuri kiasi kwamba hata keshia huzipokea. Tuseme unauza gari kwa milioni nane. Mnunuzi ambaye hujawahi kumwona anatuma hundi ya benki ya milioni tisa, anasema hesabu ilikosewa, anaomba umrudishie ile milioni moja. Unaipeleka benki, keshokutwa unaona milioni tisa kwenye salio, unamtumia milioni yake na kuliruhusu gari liondoke. Kumbe benki yako ilikuwekea fedha hizo kabla benki iliyotajwa kwenye hundi haijathibitisha kwamba ni yake. Jibu likija kwamba haikuitoa, milioni tisa zinaondolewa akauntini mwako. Umepoteza gari, na milioni uliyotuma ni deni lako. Hundi inayozidi bei ni ya kukataa palepale.

Ndiyo maana siku hizi siletewi hundi nyumbani. Tunakutana na mnunuzi ndani ya tawi lake, saa za kazi, nasimama kando yake kaunta wakati hundi inaandikwa. Nasoma jina langu herufi kwa herufi, tarakimu na maneno ya kiasi, tarehe, saini. Ikiwa haiwezekani kwenda, napiga simu kwenye benki iliyoitoa kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, kamwe siyo ile iliyochapwa kwenye hundi, maana aliyeghushi hundi hashindwi kughushi namba. Nawasomea namba ya hundi, kiasi na jina. Wasipokubali kujibu kwa simu, naiweka benki na kuuliza lini fedha zitakuwa zangu moja kwa moja, siyo lini zitaonekana.

Kwa mnunuzi, neno moja: itunze hundi hiyo kama fedha taslimu. Mkishindwana, rudisha karatasi halisi benki, ifutwe na fedha zirudi akauntini, pengine kwa ada ndogo. Ikipotea, benki itakutaka utie saini ahadi ya kuilipa hasara endapo hundi ya kwanza itajitokeza, na huenda ukasubiri muda mrefu huku fedha zako zikiwa zimeshikiliwa.