Asidi ya foliki: kwenye kidonge au kwenye unga?

Asidi ya foliki ni vitamini inayosaidia kumkinga mtoto tumboni na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, na watu wanabishana kama mama aipate kwenye kidonge au kwenye unga. Tuanze na kalenda, maana ubishi wote huu chimbuko lake ni tarehe. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 ameanza hedhi tarehe 1 Machi. Yai likirutubishwa tarehe 15, hedhi inayofuata ataitarajia tarehe 29. Haioni. Anasubiri siku chache, pengine ni uchovu, pengine amekosea kuhesabu. Tarehe 5 Aprili hivi anapima na kuambiwa ni mjamzito. Anapanga kwenda kliniki wiki ijayo.

Ndani yake mambo hayasubiri. Kwenye mgongo wa kiinitete kuna bamba la seli, na kingo zake zimeanza kuinuka pande mbili na kuelekeana, kama mtu anayekunja mkeka. Kingo hizo hukutana kwanza sehemu ya shingo, kisha kufunga kunaendelea juu na chini. Tundu la upande wa kichwa hufunga karibu siku ya 25 tangu kurutubishwa, yaani tarehe 9 Aprili. La upande wa kiuno hufunga siku ya 28 hivi, tarehe 12. Huo ndio mrija wa neva, utakaozaa ubongo na uti wa mgongo. Mama anapokabidhiwa vidonge vyake vya kwanza kliniki, mrija ama umefunga ama umeshindwa, na hakuna kidonge kitakachorudi nyuma kuufunga.

Ukishindwa upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki. Hali hiyo huitwa anensefali, na mtoto huzaliwa mfu au hufariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ukishindwa upande wa chini, tunapata mgongo wazi. Hapa mtoto huishi, ila neva zilizoachwa nje huendelea kuumizwa na maji ya uzazi miezi yote iliyobaki. Maji ya ubongo nayo huvuja kupitia kidonda, sehemu ya nyuma ya ubongo inavutwa chini kuelekea shingoni, na njia za maji hayo huziba. Ndiyo maana mgongo wazi na kichwa kikubwa huandamana mara nyingi.

Kwamba asidi ya foliki inazuia sehemu kubwa ya haya si jambo la kubishaniwa tena. Jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1991, liliwapa miligramu 4 kwa siku wanawake waliowahi kupata ujauzito wenye kasoro hii. Kujirudia kwake kulipungua kwa asilimia 72. Kinachobishaniwa ni njia ya kuifikisha kwa wakati: kila mwanamke ameze kidonge chake, au serikali iwaamuru wenye viwanda waichanganye kwenye unga?

Wanaotetea kidonge wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kidonge cha mikrogramu 400 kinamfikia anayekihitaji na kumwacha asiyekihitaji. Unga huliwa na wote, wakiwemo wazee, na baadhi ya wazee wana upungufu wa vitamini B12 bila kujijua. Kwa kawaida upungufu huo hujitangaza kwa upungufu wa damu. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuirekebisha damu, dalili ikafichika, huku neva zikizidi kuharibika kimyakimya. Hofu hii haikubuniwa. Madaktari wa zamani waliyaona hayo kwa wagonjwa wao. Tena kuna suala la ridhaa: nani aliniuliza kama nataka dawa kwenye mkate wangu?

Tatizo la hoja ya kidonge ni ile kalenda. Kinatakiwa kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba kutungwa, kwa kuwa akiba mwilini hujengeka polepole. Kwa hiyo kinamfaa mwanamke aliyepanga. Mimba nyingi hazipangwi, na hata anayepanga anaweza asijue kwamba kidonge kinatangulia mimba. Ukimlaumu kwa kutomeza, unamlaumu kwa kushindwa kutabiri.

Unga hauhitaji utabiri. Kanada ilianza kuweka asidi ya foliki kwenye unga kwa lazima mwaka 1998, na kasoro za mrija zikashuka kutoka 1.58 katika kila mimba 1,000 hadi 0.86, karibu nusu. Na ile hofu ya B12? Matukio ya zamani yalihusu hasa dozi za miligramu kadhaa kwa siku, ndiyo sababu kikomo cha usalama kwa mtu mzima kiliwekwa kwenye mikrogramu 1,000. Marekani huweka mikrogramu 140 katika kila gramu 100 za nafaka iliyosindikwa. Mtu anaweza kula mkate kwa bidii sana na bado asikifikie kikomo hicho, isipokuwa awe anaongeza vidonge vyake mwenyewe.

Mimi naegemea unga. Lakini naegemea nikijua unakoishia. Unga wa mashine ndogo za kusaga haupitii kiwandani, hivyo sheria haiwafikii wanaoutegemea. Mwanamke aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi ya miligramu kadhaa, na hiyo ni kazi ya kidonge na daktari. Anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa ana hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye mgongo wazi. Kwake jambo la kwanza ni kujadili dawa yenyewe na daktari kabla ya kushika mimba, si kuiacha ghafla. Na hata panapochanganywa unga vizuri, kasoro hizi haziishi kabisa, kwani nyingine hazisababishwi na upungufu wa foliki.

Kuna kosa jingine linalonikera zaidi: kuibebesha foliki kila kasoro ya ubongo. Mrija ukishafunga, kazi nyingine huanza. Seli changa za neva huzaliwa ndani, kando ya vyumba vya maji vya ubongo, kisha husafiri kwenda juu kujenga gamba la ubongo. Hupanda zikishikilia seli ndefu zilizosimama kama kamba, na zinazochelewa kuzaliwa huzipita zilizotangulia na kukaa juu yake. Safari hiyo huchukua miezi, si siku. Kila seli hujivuta kwa mifupa yake midogo ya ndani, na mifupa hiyo huimarishwa na protini zinazotoka kwenye jeni kama DCX na LIS1. Jeni ikiwa na hitilafu, seli hukwama njiani, na mama angekula foliki ya dunia nzima isingezifikisha.

Chukua DCX, iliyo kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana X moja tu, hivyo seli zake zote zimeathirika: picha ya emaraai huonyesha ubongo laini, karibu bila mikunjo, na kifafa huanza mapema. Msichana ana X mbili, na kila seli hutumia moja. Seli zinazotumia X nzima hufika. Nyingine hukwama katikati na kutengeneza utepe wa pili chini ya gamba. Huyo anaweza kukua, akasoma, akapata kifafa ukubwani, na utepe ule usijulikane mpaka azae mvulana mwenye ubongo laini. Mama kama huyu akiambiwa kliniki kwamba hakumeza vidonge vya kutosha, amedhulumiwa mara mbili. Anachohitaji ni kupigwa picha yeye mwenyewe na kupimwa jeni, kwa sababu kila mimba ijayo ina nafasi moja kati ya mbili ya kurithi X ile ile.