Chupa ya maji juani: kemikali au vijidudu?

Maonyo mawili kuhusu chupa za maji za plastiki hutolewa kwa pumzi moja: usinywe maji yaliyoachwa juani, na usitumie chupa ileile kwa wiki kadhaa. La kwanza linahusu kemikali, la pili vijidudu. Naona tunaliogopa zaidi lile lenye uzito mdogo.

Chupa nyembamba yenye namba 1 kitakoni, ndani ya pembetatu, ni ya plastiki iitwayo PET. Bisfenoli A, kemikali inayolaumiwa kwa kuvuruga homoni, haimo katika PET. Hutumika kutengeneza polikaboneti, plastiki ngumu ya baadhi ya madumu makubwa ya maji. Kutoka kwenye PET huvuja antimoni, kichocheo cha kiwandani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikadiria kwamba kwa nyuzijoto 60 za Selsiasi, maji yangehitaji siku 176 kupita kikomo cha Marekani cha mikrogramu 6 kwa lita. Kwa nyuzi 80 zilitosha siku mbili na ushee. Kwa hiyo mchana mmoja ndani ya gari si tatizo. Lakini wenye hofu wana hoja kuhusu katoni zinazokaa miezi katika ghala lenye joto kali, na kuhusu kumimina chai ya moto kwenye chupa hizi.

Vijidudu havingoji miezi. Kila unapokunywa, mate kidogo hurudi ndani. Maji yakibaki vuguvugu kwenye mkoba, bakteria huzaliana na kujishikiza ukutani kwa utando wa ute. Ukipitisha kidole ndani ya shingo ukahisi utelezi, ndio huo. Kusuuza hakuuondoi, brashi haipiti, na maji yanayochemka huikunja PET. Ni kweli kwamba wengi wa bakteria hao ni wa kinywa chako mwenyewe, na mtu mwenye afya huenda asidhurike. Hesabu hubadilika chupa inapopitishwa kwa watu kadhaa, inaposhikwa kwa mikono michafu, au mnywaji akiwa mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu.

Tena jua lenyewe hutumika kuua vijidudu. Katika njia ya SODIS, chupa safi ya PET isiyozidi lita 2 hujazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu mengi. Kazi kubwa hufanywa na miale ya urujuanimno. Ndani ya gari, kioo huzuia sehemu yake. Kwenye mkoba haifiki kabisa, na joto linalobaki huwafaa bakteria.

Kwa matumizi ya kila siku ningechagua chupa yenye mdomo mpana: ioshwe kwa sabuni na brashi kila jioni, pamoja na mizunguko ya kifuniko, kisha iachwe wazi hadi ikauke.