Bango la Programu ya Hesabu: Picha au Maneno Makavu?

"Tunauza programu ya hesabu kwa wenye maduka hapa Kisumu. Kazi yake kubwa ni kulinganisha malipo ya M-Pesa na mauzo, yenyewe tu. Mwenzangu anataka tuandike hivyo hivyo kwenye bango. Mimi nataka maneno yanayochora picha, kama *Ukifunga duka, hesabu imefungwa*. Nani yuko sawa?"

Mwenzako ana hoja nzito kuliko unavyomdhania, lakini nianze na upande wako. Kazi hiyo ya kulinganisha nimeifanya kwa mkono miaka mingi, na najua ina sura gani.

Saa moja jioni, duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Mlango wa chuma umeteremshwa nusu. Mama mwenye duka ameshika simu ya tili, namba ya duka ya kupokelea M-Pesa, na kijana wa kaunta ameinamia kaunta buku na kalamu nyekundu. Mama anasoma meseji moja moja, kijana anatia alama. "Mia tatu hamsini." "Iko." "Mia tatu hamsini." Kimya. "Mama, huyo ni yule yule ama ni watu wawili?" Wanarudi juu ya ukurasa na kuanza upya.

Jioni niliyokaa nao, kitabu kilisema M-Pesa imeingiza shilingi 48,730. Tili ilisema 47,050. Pengo la 1,680, na ilituchukua karibu saa nzima kulifukua. Chini yake kulikuwa na makosa mawili. La kwanza, bawaba na misumari ya 1,350 vilikuwa vimeandikwa 1,530. Tarakimu zikibadilishana viti namna hiyo huacha alama: tofauti yake hugawanyika kwa 9 bila kubakisha kitu, na 180 kwa 9 ni 20 kamili. Kila karani wa zamani anaijua hila hii. Lakini 1,680 haigawanyiki hivyo, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kosa la pili: mteja wa rangi alituma 1,500 kwenye simu ya kijana mwenyewe, si kwenye tili. Kijana hakuwa ameiba. Hela zilikuwa bado kwenye simu yake, ila wateja wa saa kumi walimjia kwa kishindo akasahau kusema.

Sasa mwambie huyo mama kwamba programu yako "hulinganisha malipo na mauzo". Ataitikia kwa adabu na kuendelea kuhesabu mabati. Yeye haiiti kazi hiyo kulinganisha. Kwake ni ile saa moja ya jioni, mlango nusu chini, pikipiki ya kumpeleka nyumbani inamsubiri nje. Ndiyo maana nikiisoma kauli yako, *Ukifunga duka, hesabu imefungwa*, moyo wangu uko upande wako. Kiswahili kimekupa zawadi hapo: mlango unafungwa na hesabu inafungwa, kwa kitenzi kimoja. Hakuna neno hata moja la kueleza kwa mtu aliye kaunta.

Wengine huipinga picha kwa kusema inabana: ukionyesha jioni ya duka, mwenye kliniki au mwenye shule atadhani programu haimhusu. Hoja hii hainitishi. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, ndani yake ilikuwa teknolojia kavu kabisa, ya kuhamisha thamani kupitia menyu ya laini ya simu, na majaribio yake ya awali yalihusu kulipa mikopo midogo. Kauli waliyoitembeza nayo, kwa Kiingereza, ilikuwa na maana ya "tuma pesa nyumbani". Picha moja tu: mtu yuko Nairobi, mzazi wake yuko Bondo au Kakamega. Haikumzuia mtu yeyote kulipia nayo karo, nauli na kitunguu. Watu wakishaingia kwa mlango mmoja, vyumba vingine huvipata wenyewe.

Hoja ya mwenzako inayoniuma ni nyingine, hata kama yeye mwenyewe hajaitamka vizuri. Maneno makavu yanasema programu inafanya nini. Picha inasema mwisho utakuwaje, na mwisho hauko mikononi mwa programu peke yake.

Itazame kazi yenyewe. Malipo ya M-Pesa yanaifikia programu kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom huwafungulia watengenezaji wa programu. Kila malipo huja na kiasi, saa na namba ya muamala. Duka likitumia peibili, mteja huandika pia namba ya akaunti, na hiyo huingia kwenye uga unaoitwa `BillRefNumber`. Programu ikiiona, inajua malipo haya ni ya ankara ipi, mradi mteja hakukosea kuiandika. Lakini maduka mengi ya mtaani hutumia tili, na kwenye tili mteja haandiki akaunti yoyote. Uga huo unakuja mtupu. Namba ya simu ya mteja nayo siku hizi haiji wazi. Kinachobaki cha kulinganisha na mauzo ni kiasi na saa.

Kwa hiyo zile 350 mbili za Mama zinaikwaza programu kama zilivyomkwaza kijana. Kama mauzo mawili ya 350 yaliandikwa na malipo mawili ya 350 yameingia, sawa, hata zikibadilishana hakuna hasara. Shida ni mauzo mawili na malipo ya mara moja tu: programu haiwezi kujua ni mteja yupi hajalipa. Ile 1,350 iliyoandikwa 1,530 haitaunganishwa na kitu, itabaki upande wa mauzo ikiwa yatima na mwenzake akibaki upande wa malipo. Na ile 1,500 iliyokwenda kwenye simu ya kijana haikupita kwenye tili, kwa hiyo programu haitaiona kamwe. Itaona tu mauzo yasiyo na malipo. Ongeza siku ambayo taarifa kutoka Daraja haikufika kwa sababu seva yenu ilikuwa imelala. Hela ziko kwenye tili, programu haina habari, mpaka mtu ashushe taarifa ya tili na kuipakia.

Tuseme siku ina malipo 43. Programu nzuri itaunganisha, kwa mfano, 38 yenyewe na kuacha 5 za kutazamwa na mtu. Hiyo ni faida kubwa mno, nami ningeilipia. Lakini si "hesabu imefungwa". Mama akiona 5 zimebaki jioni ya kwanza, atasema mlimdanganya, na atakuwa na haki. Si suala la hisia tu: Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 zote zinakataza madai ya kupotosha kuhusu bidhaa, na bango ni dai. Mbaya zaidi ni *Kila shilingi ina mwenyewe*, ambayo najua itawajia tu mkikaa kwenye chai kuitafuta. Ni tamu mdomoni, ila kwenye tili ni uongo, kwa kuwa tili yenyewe haisemi shilingi hii ni ya mauzo yapi.

Basi tukubaliane na mwenzako na kuandika maneno makavu? Hapana. Programu haifungi hesabu, lakini inatenga zilizokwama, na inazitenga jioni ile ile. Hapo ndipo picha ilipo. Jioni hiyo kijana bado anakumbuka mteja wa rangi, na mteja wa rangi bado yuko mtaani. Likibaki mpaka mwisho wa mwezi, pengo la 1,500 halina tena uso wala shati. Mara nyingi nimeona likiandikwa "hasara" na kusahaulika.

Mtu angekimbilia *Ijue shilingi iliyopotea kabla hujafunga duka*. Ni kweli, na inaonekana. Nilipoitamka kwa sauti nikamfikiria yule kijana. Bango litabandikwa ukutani nyuma ya kaunta, na yeye ndiye atakayelisoma siku nzima, wateja wakilisoma pia mbele yake. "Iliyopotea" inamnyooshea kidole. Na ndiye atakayeingiza mauzo kwenye programu! Nilishaona duka moja, nje ya Nakuru, ambako mfumo ulianzishwa kwa maneno ya kukamata wezi. Wahudumu waliacha kuingiza mauzo madogo, wakidai mtandao hauko, na baada ya miezi michache mfumo ulikuwa unalinganisha malipo na hewa. Picha inayomshawishi anayelipa inaweza kumkera anayetumia, na maneno makavu, nikubali, hayana hatari hiyo.

Kuna mahali mwenzako anashinda bila ubishi. Mhasibu wa Nakuru anayeshika vitabu vya biashara ishirini anataka kusoma "kulinganisha M-Pesa na benki" na "ankara za eTIMS", basi. Maneno hayo kwake si makavu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kupunguza kodi, ukiondoa chache zilizosamehewa, kwa hiyo akisoma neno hilo tayari anamwona mteja wake akihangaika na risiti za mkono kabla ya kuwasilisha kodi. Neno la kiufundi likishamuuma msomaji, halihitaji kupambwa. Kwa hiyo karatasi ya kuwauzia wahasibu muachie mwenzako aiandike.

Kwenye bango la duka niko upande wako, ila si kwa kauli uliyoanza nayo. Ningeandika *Hesabu ya leo hailali.* Hapa kwetu hesabu "iliyolala" ni ile iliyoahirishwa, na kila mwenye duka anajua uzito wa kuamka na hesabu ya jana. Haisemi kila kitu kitajifunga. Haimtaji mwizi. Inasema tu kilichokwama kitaonekana leo, na hilo programu yenu inaweza kulitimiza hata kwenye tili, siku ambayo taarifa za Daraja zimefika. Chini yake, kwa herufi ndogo, weka sentensi ya mwenzako kama alivyotaka, ukiiongezea kipande kinachoifanya iwe kweli: "Inalinganisha malipo ya M-Pesa na mauzo, na kukuonyesha yaliyobaki."

Udhaifu wake naujua. Ni fupi kiasi kwamba mtu asiyeijua programu anaweza kudhani ni bango la wakopeshaji, maana deni nalo "halilali". Kabla ya kulipia uchapishaji, liandike kwenye kadibodi, ulipeleke kwenye maduka matatu pale Kibuye, na usiulize kama ni zuri. Uliza: "Mama, ukinunua hii, jioni utaona nini kwenye simu?" Akikuambia "zile ambazo hazijapatana", chapisha. Akikuambia "sitahesabu tena", rudi tuketi upya, kwa sababu huyo amesikia *imefungwa* hata pale ambapo hukuiandika.