Ofa mbili za kazi Dar: laki mbili na nusu ya kwenye barua si laki mbili na nusu ya mfukoni

"Masaki wananipa 1,700,000 na posho zote humo humo. Kiwanda cha Barabara ya Nyerere wanatoa 1,450,000, basi, chakula cha mchana na bima ya familia. Nina mke na watoto wawili, nakaa Mbezi Mwisho. Tofauti ni laki mbili na nusu kila mwezi, sasa hapo kuna cha kuhesabu?"

Kipo, na kinaanzia kwenye makato. Ofa ya Masaki imegawanywa hivi: mshahara wa msingi 1,200,000, posho ya nyumba 300,000, ya usafiri 200,000. Wengi huamini posho haiguswi na kodi. Posho ya fedha taslimu inayoingia kila mwezi pamoja na mshahara hukatwa PAYE kama mshahara wenyewe. NSSF nao, wakikata kwenye mshahara ghafi, huchukua asilimia 10 kwanza, ndipo kodi ipigwe kwenye kinachobaki. Kinachozidi milioni moja hapo hukatwa asilimia 30.

Kwa hiyo kila 100 ya juu inapungua kuwa 90, kisha kodi inachukua 27, unabaki na 63. Hiyo 63 ndiyo ningependa kila mwenye ofa mbili mkononi aikariri. Masaki, baada ya NSSF 170,000 na PAYE 287,000, zinabaki 1,243,000. Kiwandani, baada ya 145,000 na 219,500, zinabaki 1,085,500. Ile laki mbili na nusu imeshakuwa 157,500, na bado hujapanda daladala.

Sasa weka gharama ya kwenda kazini. Tuseme Mbezi hadi Masaki, daladala mbili na bodaboda ya mwisho, kwenda na kurudi ni 5,000, na chakula kwa mama ntilie ni 5,000 nyingine, kwa kuwa jirani na ofisi hakuna cha bei rahisi. Kwa siku 22 ni 220,000. Unabaki na 1,023,000. Kiwandani unalipa bodaboda tu hadi basi linapopita, 2,000 kwa siku, jumla 44,000. Unabaki na 1,041,500. Ofa "ndogo" imeshapita kwa 18,500 kabla bima haijaguswa.

Kwenye bima ndiko watu hujidanganya. Usiandike bei ambayo kampuni inailipa. Andika kile ambacho wewe ungekitoa mfukoni. Kama mwaka jana mkeo na watoto walikula 480,000 hospitali na duka la dawa, na bima hii ingezilipa, basi thamani yake kwako ni 40,000 kwa mwezi. Tofauti inafika 58,500.

Wanaosema fedha taslimu ndiyo fedha wana hoja. Chakula cha kantini huwezi kukituma kijijini wala kulipia nacho kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaitaka mara moja. Benki inayokukopesha inasoma slipu ya mshahara, haisomi basi. Na basi likibadilishiwa njia, nauli ya kila siku inarudi kwako, kwa hiyo hakikisha limeandikwa kwenye mkataba. Akiba ya NSSF pia ni kubwa zaidi Masaki: ukijumlisha yako na ya mwajiri, ni 340,000 dhidi ya 290,000. Hiyo 50,000 iandike pembeni, maana haikusaidii kununua unga mwezi huu.

Lakini mshahara wa msingi una uzito ambao slipu haiuonyeshi. Kiwandani zile 1,450,000 zote ni mshahara wa msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu saa za ziada kwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo angalau siku saba za mshahara huo kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi. Posho hazimo. Kiwandani, ambako saa za ziada ni jambo la kawaida, hiyo si tofauti ya kupuuza.

Hesabu hii ni yako wewe, usimpe mwenzako. Kijana asiye na familia anayekaa Mikocheni, anayetumia 2,000 za nauli na 3,000 za chakula, anabaki na 1,133,000 Masaki. Kiwandani, kama kulifikia basi ni 3,000 kwa siku, anabaki na 1,019,500. Huyo aende Masaki.

Wewe wa Mbezi, kama moyo uko Masaki, usiwaombe 58,500. Zigawe kwa 0.63: ni kama 93,000 za mshahara ghafi. Waambie 1,800,000, na uombe nyongeza iingie kwenye mshahara wa msingi, si kwenye posho.