Maiki, mkono na unywele: barakoa ya kugawa uso inatosha wapi?

"Nina klipu ya mwimbaji wa taarabu, nataka kumbandika uso wa mtu mwingine. Kashika maiki, kavaa ushungi, na mkono unapita usoni kila kiitikio. Nikiwasha barakoa inayogawa uso kwa sehemu, programu itaruka yenyewe mkono, maiki na nywele, au bado nikae kuchora fremu kwa fremu?"

Barakoa hapa ni ramani inayoiambia programu uso mpya ubandikwe wapi na video ya asili iachwe wapi. Nywele na ushungi itaviruka, mara nyingi vizuri. Maiki ni bahati nasibu. Mkono usiutegemee kabisa. Nitachukulia kwamba mwimbaji mwenyewe na mwenye uso unaobandikwa wote wameridhia, maana bila hilo hatuna la kuzungumza.

Modeli inayotumika zaidi kwa kazi hii ni BiSeNet iliyofunzwa kwa CelebAMask-HQ, mkusanyiko wa picha 30,000 za watu mashuhuri ambazo watu walizichorea mipaka ya sehemu za uso kwa mkono. Kila pikseli hupewa namba ya kundi lake. Kuna makundi 18 yenye majina, pamoja na kundi la 0 ambalo ni mandharinyuma, yaani chochote kisichotambulika. Katika mpangilio uliozoeleka, 1 ni ngozi, 2 na 3 ni nyusi, 4 na 5 ni macho, 6 ni miwani, 10 ni pua, 11 hadi 13 ni kinywa na midomo, 14 ni shingo, 16 ni nguo, 17 ni nywele na 18 ni kofia. Pitia orodha hiyo tena ukitafuta mkono. Haumo. Maiki nayo haimo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuielewa barakoa hii. Haina ujuzi wowote wa vitu vinavyoziba uso. Inajua uso, kisha kila kisichofanana na uso kinabaki nje. Maiki nyeusi ikisimama mbele ya kidevu huangukia kundi la 0 au la nguo, na hapo tunasema imefaulu. Lakini ikigusa midomo, modeli inajua kwamba mahali hapo ndipo kinywa hukaa, na kichwa cheusi cha maiki kinafanana mno na kinywa kilicho wazi. Baadhi ya fremu zitakiita 11, na uso mpya utameza maiki. Utaona kipande cha waya wake kikielea kando ya shavu na mwimbaji akiimba mdomo mtupu.

Mkono ni tatizo la aina nyingine. Mkono ni ngozi, rangi ni ileile, mwanga ni uleule, na modeli haikupewa jina lingine la kuuita. Kwa hiyo kiganja kilichoegemea shavu huwa namba 1 pamoja na shavu. Katika klipu kama hii utakuta vidole vilivyopakwa piko vimetupwa kundi la 0 kwa sababu vina weusi, huku kiganja kikibaki ngozi, na fremu inayofuata mambo yamegeuka. Ukicheza video kwa kasi ya kawaida unaona shavu linapepesa tu, hujui kwa nini. Ukiitazama barakoa peke yake, nyeupe na nyeusi, unaona vidole vinakatwa na kurudishwa. Ndiyo maana barakoa huhifadhiwa kama video yake na kutazamwa kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa upande unaoitetea, kwa sababu upo na una nguvu. Ushungi wa mwimbaji wetu ni kazi ambayo mtu akichora kwa mkono atalia. Unazunguka taya, unameremeta, unateleza kila anapogeuza kichwa. Modeli itauita kofia huku, nguo kule, nywele pengine, na yote hayo hayakuhusu, kwa kuwa makundi 16, 17 na 18 yote yako nje ya uso. Kosa la jina halina madhara ikiwa majina yote mawili yako upande mmoja wa mpaka. Miwani hali kadhalika: unaamua tu kama kundi la 6 liko ndani au nje.

Kabla ya kulaumu modeli, hakikisha umeilisha vizuri. OpenCV, maktaba ya kusomea picha, husoma rangi kuanzia buluu, BiSeNet inataka kuanzia nyekundu, na ukisahau kugeuza, haikatai. Inakupa barakoa mbovu kimyakimya. Jambo la pili ni kwamba uigawe fremu ya asili, si ile iliyokwisha kubandikwa uso. Baada ya kubandika, maiki imeshamezwa na hakuna cha kuitambua. Jambo la tatu, usichukue namba ya mshindi kwa kila pikseli, jumlisha uwezekano:

```python
p = net(img)[0].softmax(1)[0]
uso = [1, 2, 3, 4, 5, 10, 11, 12, 13]
m = p[uso].sum(0)
```

Hapo `m` inakupa thamani kati ya 0 na 1, na mpaka wa nywele unakuwa laini wenyewe badala ya kukatwa kama kwa mkasi.

Laini, lakini si wa unywele mmojammoja. BiSeNet hupokea picha ya pikseli 512 kwa 512, ila uamuzi wake wa ndani hufanyika kwenye gridi iliyopunguzwa mara 8, yaani 64 kwa 64, kisha hupanuliwa. Kundi la nywele linaloshuka pajini linaonekana. Unywele uliochomoka peke yake kutoka ushungini ukapita juu ya jicho, wenye upana wa pikseli mbili, haupo kwenye gridi hiyo. Na hata ungekuwepo, fikiria kilicho chini yake. Barakoa inapotoboa tundu, kinachoonekana tunduni ni video ya asili: unywele pamoja na ngozi ya pembeni yake, ngozi ya mtu wa kwanza. Kama rangi za nyuso mbili hazijalinganishwa, unapata mstari mwembamba wa rangi nyingine pajini, mbaya kuliko kuupoteza unywele wenyewe. Kwa nywele za aina hiyo mimi naacha uso mpya uzimeze. Mtazamaji hajui kulikuwa na unywele pale.

Kwa maiki siwezi kusema hivyo, mtazamaji anajua. Kwa hiyo swali la "ipi bora" linageuka kuwa swali la kosa lipi unaweza kulivumilia. Kwenye video ya muziki, kosa baya ni kumeza: maiki ikitoweka kila mtu anaona. Tundu dogo shavuni kwa fremu moja halitaonekana. Lakini chukua video ya shahidi ambaye uso wake umebadilishwa ili asitambulike. Hapo kila tundu linamwaga ukweli. Modeli ikidhani kivuli shavuni ni kitu kigeni na kukitoa, sura halisi ya mtu imechungulia, na anayetaka kumtambua anaweza kusimamisha video kwenye fremu hiyohiyo. Kwa kazi kama hiyo ningeipunguzia barakoa uhuru, nikaacha mkono umezwe na video ionekane mbovu. Programu nyingi hazikuulizi kazi yako ni ipi, zinakupa kisanduku cha kuweka tiki tu.

Kuna upande mwingine ambao waundaji hawapendi kuutaja. Kwa muda watu waliambiwa kwamba ukimtilia shaka mtu kwenye simu ya video, mwambie apitishe mkono mbele ya uso, maana uso wa kubandika huvurugika hapo. Kila barakoa inayoheshimu mkono inapunguza nguvu ya jaribio hilo. Sioni kwamba hiyo ni sababu ya kuacha kuiboresha, kwa kuwa watengenezaji wa filamu wanaihitaji na njia zenyewe ziko wazi kwa yeyote. Ila anayeendelea kufundisha watu jaribio la mkono kana kwamba linatosha anawapa kinga iliyochakaa.

Turudi kwa mwimbaji. Ninachopendekeza ni barakoa mbili, kila moja kwa inachokijua. Ya kugawa uso ishughulikie ushungi na nywele. Maiki na mkono vipewe modeli iliyofunzwa mahususi kuona kinachoziba uso. Kwenye FaceFusion, programu ya kubadilisha nyuso, unaweka zote pamoja, juu ya ile ya kawaida ya kisanduku, `box`:

```
--face-mask-types box occlusion region
```

Zikichanganywa, kila pikseli huchukua thamani ndogo kuliko zote, maana yake barakoa moja tu ikikataa, pikseli iko nje. Uzuri wake ni kwamba maiki iliyoipita moja inanaswa na nyingine. Ubaya wake ni uleule wa shahidi: makosa ya kutoboa nayo yanajumlishwa. Kama modeli ya vizuizi bado inayumba kwenye kiganja, MediaPipe, zana inayotambua mikono, hutoa nukta 21 kwa kila mkono. Unganisha nukta hizo kuwa umbo, litanue kidogo, litoe kwenye barakoa. Si nadhifu, lakini haliyumbi kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Kulainisha kingo nako kuna mtego wake. Ukiilainisha barakoa yote kwa kiwango kimoja, mpaka wa taya utapendeza, ila pembezoni mwa maiki utatokea ukungu wa rangi ya ngozi uliopanda juu ya chuma. Ukingo wa uso unahitaji kulainishwa sana, ukingo wa kizuizi kidogo mno, pikseli mbili au tatu. Fanya kila barakoa kivyake kabla ya kuziunganisha. Vilevile kupepesa kunatulizwa kwa kuchanganya barakoa ya fremu hii na iliyotangulia, lakini mkono unaopita haraka utaacha mzimu wake nyuma, kwa hiyo changanya ile ya ushungi, iache ya mkono kama ilivyo.

Na kuchora? Kama klipu ni ya sekunde chache na mkono unapita mara mbili tatu, kuchora fremu zinapoingilia na kutokea vidole ni haraka kuliko kuhangaika na mipangilio jioni nzima. Kama ni wimbo mzima wa taarabu wa dakika kumi, chora kiasi tu kisha uifunze XSeg, modeli ya barakoa ya programu ya DeepFaceLab, ambayo ndiyo kazi yake: unazungushia kinachobaki na kinachotoka kwenye fremu ulizochagua, nayo inajifunza zilizobaki. Chagua fremu zisizofanana. Maiki ikiwa mbali na mdomo, ikigusa mdomo, kiganja wazi, ngumi, uso ukitazama kando. Fremu ishirini zinazofanana haziifundishi zaidi ya moja.

Kuna kitu kimoja hakitanaswa na lolote kati ya haya: kivuli cha maiki kidevuni. Ni ngozi halali, itabadilishwa, na kivuli kinaweza kufifia huku maiki yenyewe ikibaki imesimama kwa usahihi kabisa. Hicho kinarudishwa kwa mkono, wakati wa kusahihisha rangi.